Folda Iliyoitwa Aru

Mwaka 2019 nilikuwa kwenye kibanda cha kuchajia simu hapa Lobule, kijana mmoja wa kikundi chetu akaja akasimama mbele yangu bila salamu. Akasema, "Yaya, mimi nilienda Aru lini?"

Nikamwambia sielewi. Akaeleza kwamba ameitwa ofisini na kuonyeshwa ripoti ya kikundi chetu. Ndani yake kuna picha yake akipiga ngoma, amevaa fulana ya njano, na chini ya picha imeandikwa Aru, halafu tarehe. Hawakumfokea. Walimuuliza tu kama huwa anavuka. Akasema hapana. Wakauliza, basi hii picha nani alipiga? Akanitaja mimi.

Kwa asiyejua, Aru ni mji wa Kongo, mkoa wa Ituri, ng'ambo ya mpaka wa Vurra. Wengi wetu hapa Lobule tumetoka pande hizo. Mtu akirudi kwa hiari yake kuishi kule alikokimbia, ukimbizi wake unaweza kuhesabiwa kuwa umekwisha. Kwenda siku moja si kurudi kuishi, ni kweli, lakini nani anataka kuanza kueleza hilo mbele ya meza ya mtu? Na mwaka ule kulikuwa na jambo la pili. Ebola ilikuwa imetangazwa Kivu ya Kaskazini tangu Agosti 2018, ikaingia Ituri, na watu waliotoka ng'ambo walikuwa wanapimwa joto mpakani na kuulizwa maswali. Kwa neno moja la herufi tatu nilikuwa nimemtoa kijana Uganda na kumweka kwenye nchi ya ugonjwa.

Jioni mama yake akanifuata nyumbani. "Mwanangu," akasema, "wewe unaandika mtoto wangu mahali hajafika?"

Kweli hajafika. Siku ile tulikuwa Vurra, upande wa Uganda, tunacheza mchezo wa kunawa mikono karibu na forodha. Tulitoka Koboko asubuhi kwa gari, tukapita Arua, tukashuka na lami mpaka mpakani, na jioni tukarudi. Hakuna aliyevuka. Neno Aru halikuandikwa na mtu yeyote. Liliandikwa na programu, na mimi ndiye niliyeiwasha.

Niliiwasha kwa sababu ya wingi wa picha. Kikundi kilikuwa na simu nne za kupigia picha na zilikuwa zimejaa. Kila picha ina jina kama `IMG_20190514_142011.jpg`, jina ambalo linakuambia siku na saa tu. Ukiulizwa picha za Imvepi ziko wapi, unakaa usiku mzima unafungua moja moja. Kumbe ndani ya kila picha, kama `Location` ya kamera ilikuwa imewashwa, simu imeandika namba mbili: latitudo na longitudo. Simu inazipata kwa kusikiliza setilaiti, na kazi hiyo haihitaji bando wala mtandao. Rafiki yangu aliniletea kwenye fleshi programu inayosoma namba hizo, inazilinganisha na orodha ya miji iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta, inatafuta mji ulio karibu zaidi, halafu inatengeneza folda yenye jina la mji huo na kuhamishia picha humo. Laptopu yetu ilikuwa haijaona mtandao wiki mbili. Nikabonyeza, nikaenda kuoga, niliporudi nikakuta Arua, Koboko, Yumbe, Aru. Nilifurahi sana. Hilo jina la nne hata sikuliangalia mara mbili, maana Arua na Aru kwa macho yaliyochoka ni kitu kimoja.

Baada ya mama yule kuondoka nilifungua picha ya ngoma nikafanya hesabu kwa mkono. Ninaiandika hapa kwa sababu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na kila mtu anayetunza picha za watu wengine angeweza kuifanya kabla ya kuamini programu.

Namba za picha, nikikata tarakimu zibaki mbili baada ya nukta, zilikuwa 2.88 na 30.88. Mji wa Arua uko kama 3.02 na 30.91. Aru iko kama 2.86 na 30.83. Kwa Arua, tofauti ya latitudo ni 0.14, na ya longitudo ni 0.03. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Huku kwetu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, nyuzi moja ya longitudo nayo ni karibu hizo hizo 111. (Ukienda Norwe inapungua hadi nusu, kwa hiyo hesabu hii msiipeleke huko.) Basi inabaki ile pembetatu ya sekondari: zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo cha pili, zidisha kwa 111. Mpaka Arua inatoka kama kilomita 16. Mpaka Aru tofauti ni 0.02 na 0.05, inatoka kama kilomita 6.

Kwa hiyo programu haikukosea hesabu. Iliulizwa mji gani uko karibu, ikajibu. Kosa langu ni kwamba nilidhani nimeiuliza tulikuwa wapi. Katika orodha ile kila mji ni nukta moja, haina mtaa wala mpaka. Nchi nayo ni herufi mbili tu zilizoandikwa pembeni ya nukta, UG au CD. Programu haijui kwamba kati ya picha na nukta ya Aru kuna kizuizi, askari na meza ya kupima joto. Katikati ya Uganda ungepata jina la mji wa jirani na usione hasara. West Nile ni ukanda mwembamba wenye Kongo upande mmoja na Sudan Kusini juu, na kule Salia Musala, Koboko, nchi tatu zinakutana. Huku jina la jirani mara nyingi ni jina la nchi nyingine.

Dawa ya kwanza niliyojaribu ilikuwa kuondoa miji ya Kongo na Sudan Kusini kabisa, nikabaki na ya Uganda. Picha za Vurra zikaingia Arua, nikasema vizuri. Halafu nikakumbuka kwamba kuna mwenzetu mmoja, si mkimbizi, Mkakwa wa hapa hapa Koboko, ambaye kweli alikuwa amevuka kwenda mnadani na kupiga picha za ng'ombe. Zile nazo zikaingia Uganda. Nilikuwa nimegeuza tu uongo upande wa pili.

Dawa ya pili ilikuwa kutafuta orodha yenye majina mengi zaidi. Ipo ya bure, inaitwa GeoNames. Unaweza kupakua faili la nchi moja, `UG.zip`, na ukishalipakua halikuhitaji mtandao tena. Nililipakua Arua mjini nikalileta kwenye fleshi. Sasa matatizo yakawa mengine. Picha za siku moja barabarani ziligawanyika katika folda nyingi, nyingine ina picha mbili, nyingine moja, kila moja ina jina la kijiji ambalo nusu ya kikundi hatukulijua. Mwenye kutafuta picha za safari ya Vurra angezipata wapi?

Lakini humo ndani ndipo nilipoona kitu ambacho bado kinanikera. Katika GeoNames kila mahali pana herufi ya aina. Miji na vijiji, mahali watu wanapoishi, ni `P`. Kambi ya wakimbizi ina alama yake, `CMPRF`, na alama hiyo haiko chini ya `P`. Iko chini ya `S`, pamoja na majengo na mashamba. Sasa, programu nyingi za kutaja miji huchukua `P` peke yake, na zile orodha fupi za miji zimetengenezwa kwa `P` hiyo hiyo. Kwa hiyo Bidibidi, yenye watu wengi kuliko mji wa Koboko, haitoki kamwe kama jibu. Picha yake itaitwa Yumbe au jina la kijiji cha wenyeji. Sisemi kuna mtu aliyetuchukia. Aliyepanga herufi zile labda alifikiria mahema ya miezi sita. Ila mtoto aliyezaliwa Bidibidi mwaka ilipofunguliwa, 2016, sasa yuko shule, na kwa kompyuta amezaliwa kwenye jengo.

Rhino Camp ina mtego wake. Hilo ni jina la mji mdogo wa zamani kando ya Nile, na ni jina la makazi ya wakimbizi ambayo yametandazwa mbali sana kutoka mtoni. Mtu wa Omugo yuko ndani ya makazi ya Rhino Camp kwa karatasi, ila nukta ya mji wa Rhino Camp iko mbali naye, na kuna majina mengi yaliyo karibu zaidi. Hapo hata jibu likitoka "Rhino Camp" itabidi uulize, ipi?

Mwishowe tukaandika orodha yetu wenyewe, na ndiyo tunayotumia hadi leo. Haina hata mistari arobaini. Kila mstari una jina, latitudo, longitudo na nchi. Tulianza na miji tunayoifikia: Arua, Koboko, Maracha, Yumbe. Tukaweka Vurra na Oraba, kwa kuwa ni mipakani. Tukaweka Aru na Ariwara za Kongo na Kaya ya Sudan Kusini, makusudi, ili picha ikizikaribia tujue. Halafu makazi: Lobule, Imvepi, na kwa Rhino Camp kila zoni kwa jina lake, Ocea, Siripi, Ofua, Omugo na nyingine. Namba za makazi hatukuzitoa kwenye kitabu. Mmoja wetu alisimama pale, kwenye shule au bomba la maji ambalo watu wote wanalijua, akasubiri simu itulie, akaandika. Makazi makubwa tuliyapa nukta tatu nne zenye jina moja, maana nukta moja katikati haitoshi kuvuta picha za pembeni.

Kusoma namba za picha tunatumia programu ya bure inayoitwa ExifTool. Amri ni moja, na `picha` ni folda ulipoweka picha zako:

```
exiftool -n -T -r -FileName -DateTimeOriginal -GPSDateTime -GPSLatitude -GPSLongitude picha > picha.tsv
```

Inakupa jedwali unaloweza kulifungua kwenye LibreOffice: jina la picha, saa ya kamera, saa ya setilaiti, latitudo, longitudo. Ile `-n` usiisahau. Bila hiyo namba zinatoka kwa nyuzi, dakika na sekunde, na kuna mwenzetu alichukua 3° 24' akaiandika 3.24. Dakika 24 ni sehemu ya 60, siyo ya 100, kwa hiyo ilikuwa iwe 3.40. Makosa hayo yanasogeza picha karibu kilomita 18, ndiyo maana siku ile mashindano ya mpira ya Koboko yalihamia kusini, pande za Maracha.

Umbali mpaka Aru, kwa mfano, unaandika hivi kwenye safu ya pembeni:

```
=SQRT((D1-2.86)^2+(E1-30.83)^2)*111
```

Ukifanya hivyo kwa kila mahali pa orodha, unaona nani ana namba ndogo kuliko wote. Baada ya hapo tuna kanuni mbili. Kama mahali pa karibu zaidi ni zaidi ya kilomita 10, picha haipewi jina, inaingia folda ya Njiani. Na kama pa karibu pako Uganda lakini pa nchi nyingine panafuata kwa tofauti ya kilomita chache tu, au kama pa karibu kabisa pako ng'ambo, inaingia folda ya Mpakani. Folda hiyo kompyuta haiigusi tena. Tunakaa chini wawili watatu, tunaangalia ile bendera, ile miti, nani alikuwa na simu, na ndipo mtu anaandika jina. Inachukua muda. Mwezi uliopita ilituchukua saa nzima kwa picha kama sitini, na mmoja wetu alikasirika akasema turudi kwenye programu. Hatukurudi.

Kuna kosa lingine ambalo orodha nzuri haiwezi kuliponya, nalo linatoka kwenye simu yenyewe. Mahali pasipo na mtandao, simu iliyozimwa au kukaa mfukoni ndani ya gari huchelewa kuzipata setilaiti. Wewe unapiga picha haraka, na simu nyingine zinabandika mahali pa mwisho zilipopakumbuka. Picha ya Vurra inaweza kubeba namba za Koboko ya asubuhi. Ndiyo maana katika amri ile kuna saa mbili. Saa ya setilaiti ni saa ya dunia, na Uganda iko mbele yake kwa saa tatu kamili. Ikiwa kamera inasema 14:20 na setilaiti inasema 11:19, mambo ni sawa. Ikiwa kamera inasema 14:20 na setilaiti 06:05, hizo namba za mahali ni za saa tatu na dakika tano asubuhi, na mahali hapo mmeshapaacha zamani.

Ukikuta tofauti ni saa mbili badala ya tatu, usishtuke. Ituri iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Huku Koboko na Vurra simu ikidaka mnara wa Kongo hujibadilishia saa yenyewe, kila mtu wa mpakani amewahi kuchelewa au kuwahi kanisani kwa ajili hiyo. Mawimbi hayasimami forodhani. Hiyo saa mbili inakuambia mnara gani ulidakwa, haikuambii miguu ilikuwa wapi. Nilipoangalia tena picha ya ngoma, tofauti yake ilikuwa saa mbili. Kama yule aliyemhoji kijana angekuwa anajua kusoma hizo namba nusu nusu, angeona jina Aru na saa ya Kongo, akasema ushahidi umekamilika.

Picha zilizotumwa kwa WhatsApp kama picha za kawaida zinafika bila namba za mahali, kwa hiyo kwenye jedwali zinatoka alama ya kistari tu. Usizipe jina kwa kubahatisha. Mwambie aliyepiga akupe kwa kebo au kadi, au azitume kama dokumenti.

Sasa neno kwa watu wa mashirika wanaosoma jarida hili, maana mara nyingi mnatuomba picha "pamoja na mahali". Tarakimu mbili baada ya nukta ni kama kilomita moja. Tarakimu nne ni kama mita 11, yaani mlango wa nyumba ya mtu. Simu inaandika zaidi ya hizo. Kuna akina mama hapa ambao waliokuwa wanawatafuta hawajaacha kuwatafuta. Kwa hiyo kabla picha haijatoka kwetu tunatengeneza nakala na kufuta namba ndani yake:

```
exiftool -gps:all= -overwrite_original -r nakala
```

Usipoweka `-overwrite_original`, programu inaacha pembeni faili la pili lenye mwisho wa `_original`, na namba zote bado zimo. Tuliwahi kutuma folda nzima namna hiyo. Tuligundua kabla fleshi haijafika Arua, bodaboda akarudishwa njiani. Baada ya kufuta tunaendesha tena amri ya kwanza juu ya nakala, mpaka tuone vistari vitupu. Na folda inayotoka inaitwa kwa jina la wilaya, au la makazi mazima, siyo zoni wala bloku. Haisaidii kufuta namba ndani ya picha halafu nje ukaandika bloku ya mtu.

Ripoti ya 2019 tuliirekebisha. Nilienda ofisini na laptopu, nikaonyesha hesabu ya kilomita 16 na 6, nikaonyesha picha nyingine ya dakika hiyo hiyo ambayo nyuma yake linaonekana jengo la forodha la Uganda. Afisa alisikiliza vizuri, akachukua kalamu, akakata neno Aru kwenye nakala yake, akaandika Vurra juu. Nakala nyingine zilikuwa zimeshatumwa, huko sikuweza kufika.

Kijana alibaki kwenye kikundi. Sasa ndiye anayekaa na folda ya Mpakani, na ni mkali kuliko mimi. Juzi alinirudishia picha niliyoiita Oraba. Akasema, "Yaya, angalia kivuli. Hii ni asubuhi, na asubuhi tulikuwa bado Koboko." Nikaangalia saa ya setilaiti. Alikuwa sahihi.